KUANDIKA HABARI ZA UBAKAJI KATIKA JARIDA LETU

(Maneno ya karani wa jarida mbele ya wajumbe wa matawi, Kaloleni, Nairobi)



Nimeombwa niseme juu ya habari mnazoniletea za wanawake waliobakwa au kushikwa kwa nguvu katika mitaa yetu. Mnazileta kwa nia njema. Lakini nyingine, zikichapwa kama zilivyo, zitamwumiza mwenyewe mara ya pili.

Wengi wenu mnakumbuka Novemba 2014. Wanaume katika kituo cha matatu hapa Nairobi walimvua mwanamke nguo mbele ya watu, na picha zake zikapitishwa katika simu nchi nzima. Tarehe 17 watu waliandamana mjini, na Desemba Bunge likaongeza katika sheria kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu, kifungo kisichopungua miaka 10. Lakini habari ile ilisimuliwaje vibandani? "Alivuliwa nguo kwa sababu ya kuvaa vibaya." Hiyo "kwa sababu" ilitoka wapi? Ilitoka vinywani mwa waliomvua. Ulikuwa ni utetezi wao, nasi tukaubeba kama kwamba ni habari. Tena tazameni neno "alivuliwa": mwanamke yumo, waliomvua hawamo.

Sasa nitasoma mfano nilioutunga mwenyewe, ila unafanana sana na barua zenu: "Msichana mrembo wa miaka 23, mfanya kazi wa zamu ya usiku katika kiwanda cha sabuni, mkaaji wa Makongeni, anadai kuharibiwa na msimamizi wake Ijumaa alipokuwa akirudi peke yake saa nne usiku."

Mwandishi atasema, "Sikumtaja jina." Haya, tuhesabu. Katika kiwanda hicho wanawake wa zamu ya usiku huenda ni sita. Wanaokaa Makongeni ni wawili. Mwenye miaka 23 ni mmoja. Kabla ya chai ya saa nne kiwanda kizima kitamjua. Kwa hiyo mtaa, umri, zamu na siku vyote vifutwe. Na cheo cha msimamizi pia, kwa maana anayemjua msimamizi anawajua walio chini yake. Kwa mtoto ni zaidi: ukiandika kwamba baba ameshitakiwa, ukamtaja baba, umemtaja mtoto.

"Mrembo" na "peke yake" ni lawama zilizovaa kanzu. "Anadai" pia tuliache. Mwenzetu akiibiwa baiskeli hatuandiki kwamba anadai kuibiwa. Twaandika ameripoti polisi. Naye mwanamume tusimwite mbakaji kabla ya hukumu, ni mshitakiwa.

Lakini neno linalonisumbua kuliko yote ni "kuharibiwa". Najua wazee walilitumia kwa haya, wasitaje jambo lenyewe. Maziwa huharibika, yakamwagwa. Mtu hakuharibika, ametendewa kosa, na kosa lina jina, nalo ni kubaka. Mtoto akisema mbele ya polisi kwamba alifanyiwa "tabia mbaya", polisi na aandike maneno yake vile vile, kwa kuwa ni ushahidi. Sisi katika jarida tuseme wazi.

Basi habari ile itabaki hivi: "Mfanya kazi mwanamke ameripoti polisi kwamba mwanamume alimbaka. Mtu mmoja amekamatwa, na kesi haijasikilizwa."

Ndugu mmoja wa tawi aliniuliza, je, hivyo si kumficha msimamizi? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba jina lake liende mahali linapofanya kazi: polisi, na katika barua ya chama kwa mwajiri, ipelekwe kwa mkono. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na kanuni za maandishi juu ya unyanyasaji wa kingono kazini, na kanuni hizo zinamkataza kutangaza jina la mlalamikaji au mambo ya malalamiko yake, isipokuwa kwa uchunguzi au kutia adabu. Tutamdai mwajiri afiche siri ambayo sisi tumeichapa na kuigawa langoni? Na shida ya wanawake kutolewa kazini usiku bila gari tutaiandika, tena kwa nguvu, lakini iwe habari peke yake, katika toleo jingine, isifungwe na ile.

Mwisho ni idhini. Habari isomewe mwenyewe kabla ya kuchapwa, si siku ile ya kwanza. Siku hiyo ni ya hospitali, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi hutolewa ndani ya saa 72. Akikataa, haichapwi, hata kama nafasi ya ukurasa itabaki tupu. Akitaka jina lake litokee, yeye ni mtu mzima na jina ni lake. Ila tumweleze kwamba karatasi ikishatoka haiwezi kurudishwa, tumpe siku chache afikiri, kisha tumwulize tena.

Barua nne zilizo mezani kwangu nitawarudishia waliozileta leo jioni, tuzisahihishe pamoja.