Maneno ya kwanza mlangoni

Ndugu wanamemba, na ninyi marafiki munaotutegemeza, leo tunaongea juu ya dakika moja tu: ile ya kwanza, wakati mutu amesimama mlangoni kwa watu na chujio la maji mkononi.

Hapa kwetu Uvira, mugeni akionekana na daftari, watu wanafikiri amekuja kuandikisha majina ya musaada. Tulizoea hivyo kambini. Basi daftari libaki ndani ya mufuko, na neno la kuuzisha litangulie. Tunasema hivi: "Hodi! Jambo mama. Sisi ni majirani, wa shirika la waliorudi. Tunauzisha chujio la maji la udongo. Hatuandikishe watu, hatugawe musaada. Tunaomba dakika tatu. Kama uko na kazi, tutarudi saa utakayotuambia."

Kisha tunanyamaza. Hatutue mzigo wala hatuingie mpaka tusikie "karibu". Mama akisema, "Bugali iko kwa moto," tunajibu: "Sawa mama, pika kwanza. Kesho saa ngapi itakufaa?" Akisema saa kumi, saa kumi tuwe pale, hata kama ni kwa kusikia "hapana".

Akitukaribisha, tunauliza: "Maji ya kunywa munayateka wapi?" Hapo tumuache aseme. Kama ni mutoni, na mvua imenyesha, maji ni matope na yataziba chujio upesi. Tunamwambia aache bidoni itulie, kisha apitishe maji kwa kitambaa safi kabla ya kuyamimina. Kama ni bombani, tunauliza yanakaa siku ngapi ndani ya bidoni, maana mara nyingi yanachafukia humo.

Wengine wetu wanapenda kuanza na kipindupindu. Hapana. Katika mji huu kila nyumba inakijua, na pengine walishazika mutu. Ukikitaja mlangoni, ni kama unasema nyumba yao ni chafu. Mama akikitaja mwenyewe, ndipo tunajibu, na kwa kipimo: chujio zima, likitunzwa vizuri, linazuia sehemu kubwa ya vijidudu, hata vile vya kipindupindu, lakini virusi vingi vinaweza kupita. Yule anayesema "linaua vyote" anadanganya.

Na kuna jambo moja lisingoje mpaka pesa zitoke: chujio ni pole. Linatoa lita moja mpaka tatu kwa saa. Nyumba ya watu kumi inapaswa kulijaza tena na tena, au kununua mawili, na tunasema hivyo palepale, hata kama itatupotezea mununuzi. Asipoambiwa, jirani atamwambia, na mwenzetu atakayefuata atakuta mlango umefungwa.

Bei akiiuliza, tunaitaja mara moja. Akikataa, hatuulize sababu: "Aksanti mama kwa muda wako," na tunaenda nyumba ya pili.