Maharage Yasingiziwa

Msikilizaji, hewa ya tumbo ikinuka vibaya, wa kwanza kulaumiwa ni maharage. Lawama hiyo si yake. Maharage huleta wingi wa hewa. Uvundo una asili nyingine.

Takribani sehemu 99 kati ya 100 za hewa hiyo ni naitrojeni, haidrojeni, kaboni dayoksaidi na, kwa baadhi yetu, methani. Zote hazina harufu. Kinachonuka ni hicho kidogo kinachobaki, hasa gesi zenye salfa. Mwaka 1998 watafiti wa Minneapolis, Marekani, walikusanya hewa ya watu 16 wenye afya, wakaweka waamuzi wawili wainuse na kuipa alama. Haidrojeni salfaidi ilipozidi, na alama za uvundo zilipanda.

Gesi hiyo unaweza kuona alama yake jikoni kwako. Chemsha yai dakika 20, limenye, likate katikati. Kiini kitakuwa kimezungukwa na utepe wa kijivu uliochanganyika na kijani. Moto umeitoa salfa kwenye ute ikawa haidrojeni salfaidi, nayo imekutana na madini ya chuma ya kwenye kiini. Yai hilo halina ubaya, lile tu.

Tumboni, kazi hiyo hufanywa na bakteria. Protini za yai na nyama zina viungo viwili vyenye salfa, sisteini na methionini. Ukila kiasi, utumbo mwembamba humeng'enya karibu zote. Lakini mtu akikaa mbele ya nusu kilo ya nyama choma, akaongezea mayai mawili, masalio hushuka hadi utumbo mpana, na bakteria wa huko huyavunja na kuachia salfa. Kabichi, sukuma wiki na vitunguu vina salfa ya namna yake, tena nyuzi zake huwalisha bakteria haohao. Ndiyo maana nyama na kabichi katika sinia moja huweza kuleta uvundo mkali kuliko sahani ya maharage matupu.

Hapa wengi hukosea mtuhumiwa. Chakula huchukua saa kadhaa kufika utumbo mpana, na hukaa humo siku nzima au zaidi. Kunywa chai ya asubuhi huuamsha utumbo usukume hewa iliyokwisha kutengenezwa, kwa hiyo yai la leo hulaumiwa kwa nyama ya jana. Anayetaka kujua kinachomsumbua aache chakula kimoja kwa siku tatu au nne, kisha akirudie peke yake.

Uvundo mtupu si ugonjwa. Ila ukifuatana na kuharisha, kinyesi chenye mafuta kinachoelea, au kupungua uzito, nenda kituo cha afya ukapimwe choo. Huenda ni jiadia, kimelea cha maji machafu kinachozuia utumbo kufyonza chakula, na kina dawa.