Dhima ya Mchukuzi na Sharti Lililo Nyuma ya Stakabadhi

Mada iliyosomwa katika semina ya wafanyabiashara na wenye magari, Kibiti



Barua iliyoniita ilinitaka nieleze kwanza maana ya mchukuzi, mpelekaji, mpokeaji, shehena na nauli. Na kwa kuwa humu hamna hata mmoja asiyezijua, maana nusu yenu mnaishi kwa kupeleka na nusu kwa kuchukua, naomba idhini nizipite mbio. Mchukuzi wa umma ni yule anayejitangaza kuwa atachukua mali ya kila ajaye na nauli mkononi, kama basi lenye ofisi ya mizigo stendi. Mwenye fuso aliyempakilia jirani yake viroba viwili vya mpunga siku moja hamo katika hesabu hiyo. Begi ambalo abiria amelipakata mwenyewe lina hukumu yake, nami sitaligusa leo.

Tofauti ya wawili hao ni kubwa. Kwa sheria ya kawaida ya Kiingereza tuliyoipokea kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, mchukuzi wa umma ni dhamini wa mali: ikipotea hulipa, awe na taksiri au asiwe nayo, isipokuwa athibitishe kwamba ilipotea kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, au kwa adui wa dola, au kwa ila ya mali yenyewe, kama samaki mbichi aliyeoza, au kwa kosa la mwenye mali aliyeifunga vibaya. Yule mwingine, pamoja na kila aliyekabidhiwa mali ya mtu chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huulizwa uangalifu tu. Lakini mali ikiwa imepotelea mikononi mwake, ni juu yake yeye kueleza alivyoitunza, wala si juu ya mwenye mali kueleza ilivyopotea.

Nalisema hili kwa sababu watu wetu wa delta ya Rufiji hupenda kusema, mzigo huu ni amana, na neno hilo, kwa uzuri wake wote, huwadhuru. Katika fikihi mwenye kushika amana halipi ila kwa taksiri au kwa kukiuka alichoagizwa. Na nimepata kumwona karani wa mizigo, mtu aliyesoma chuoni, akilishika neno hilo hilo na kumrudishia mama wa watu kuwa ni ngao. Mliyemlipa nauli hakushika amana tu, ana dhamana. Semeni dhamana.

Kuhusu kudra, mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 na tufani ya Hidaya iliyofuata mwanzoni mwa Mei, hata barabara ya kusini ikakatika huko Somanga, ni udhuru kwa mali iliyochukuliwa na maji. Si udhuru kwa mali iliyoibwa stendi wakati gari linangoja barabara itengenezwe. Hapa pametosha, maana jambo lililonileta, ambalo nimepigana nalo kwa miaka mingi na bado halijanichoka, ni lile sharti lililopigwa chapa kwenye stakabadhi.

Nitalieleza kwa kisa kimoja kilichopita mikononi mwangu, nami nawaomba radhi kwamba wenyewe sitawataja. Mama mmoja wa delta alimtuma mpwawe kuvusha kwa boti hadi Nyamisati, na kutoka Nyamisati kuja hapa Kibiti, sandarusi mbili za kamba wakavu, kila moja kilo 30. Kijana alizifikisha kwenye ofisi ya mizigo ya basi, zikatiwa alama kwa kalamu ya wino mzito, akatoa nauli shilingi 10,000, sandarusi zikapandishwa katika buti. Na mambo hayo yote yalipokwisha ndipo karani alipoandika stakabadhi, akaikunja na kumtilia mkononi. Mbele yake paliandikwa ‘mifuko 2’. Nyuma yake, kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo mithili ya uduvi, paliandikwa kwamba kampuni haitalipa zaidi ya mara tano ya nauli ya mzigo uliopotea. Mbagala Rangi Tatu ilifika sandarusi moja. Ya pili, kama ilivyobainika baadaye, ilishushwa njiani ikapakiwa katika fuso ili kuwapisha abiria, na tangu hapo hapana aliyeiona.

Hesabu ni hii. Mnunuzi wa Mbagala alikuwa amekwisha kuafikiana na mama yule shilingi 15,000 kwa kilo. Sandarusi iliyopotea ilikuwa, basi, mali ya shilingi 450,000. Kampuni ikatoa shilingi 25,000, yaani nauli ya 5,000 mara tano, na meneja akanionyesha mgongo wa stakabadhi kama mtu anayeonyesha hati ya kiwanja.

Swali la kwanza ambalo mahakama hujiuliza halihusu maneno ya sharti bali wakati wake: mkataba ulikamilika lini? Ikiwa mali imekwisha kupokewa na nauli imekwisha kulipwa, karatasi inayokuja nyuma yake ni ushahidi wa malipo, na upande mmoja hauwezi kuongeza sharti katika mkataba uliokwisha kufungwa. Mwaka 1940, katika kesi ya Chapelton, mtu aliyekodi kiti ufukoni huko Barry alipewa tiketi yenye sharti la kuiepusha halmashauri na lawama. Kiti kikapasuka akaumia, na majaji wakasema tiketi ile ilikuwa ni risiti tu, wala hakuna mtu angeitazamia kuwa na masharti.

Swali la pili ni la taarifa. Katika kesi ya Parker ya mwaka 1877, begi lenye thamani ya paundi 24 na shilingi 10 lilipotea katika chumba cha kuwekea mizigo cha stesheni ya reli, na tiketi ilikuwa na maneno yanayomwambia mtu atazame nyuma, ambako fidia iliwekewa ukomo wa paundi 10. Kanuni iliyotoka humo ni kwamba asiyesoma hufungwa ikiwa mwenye sharti alifanya lililo maakuli ili mtu wa kawaida apate habari. Tazameni basi: stakabadhi ya Kibiti haikuwa na hata neno moja mbele la kumtuma mtu nyuma, na lugha yake ilikuwa ya Kiingereza, kwa wateja ambao wazee wao wengine husoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Tangu mwaka 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama; imebaki migongo ya stakabadhi kuzungumza ya kwake.

Hapo ndipo meneja alipotoa hoja yake yenye nguvu, nami sitaidharau. Mama huyu, alisema, amepeleka mizigo kwetu miaka mitatu na kila mara amepewa karatasi hii hii. Awezaje kudai haijui? Ni kweli kwamba mazoea ya muda mrefu huweza kuliingiza sharti katika mkataba bila ya kusomwa. Lakini kesi ya McCutcheon, iliyofika mbele ya majaji wakuu wa Uingereza mwaka 1964, ni kana kwamba ilitungwa kwa ajili ya watu wa delta. Mtu wa kisiwa cha Islay alimtuma shemeji yake kupeleka gari kwenye feri. Siku nyingine kampuni iliwataka watie saini hati ya kukubali hatari, siku nyingine haikuwataka, na siku ile haikumtaka. Feri ikazama kwa uzembe wa mabaharia. Majaji wakasema kwamba mazoea yasiyofuata njia moja hayamfungi mtu, na kampuni ikalipa. Hukumu hiyo ni ya baada ya 1920, haizifungi mahakama zetu, ila husikilizwa kwa heshima. Nasi tulipofungua daftari la mama yule tukakuta safari nyingine alipewa karatasi, nyingine alipigiwa simu tu kuwa mzigo umepanda.

Na swali la tatu, ambalo hata mawakili husahau kuliuliza, ni kama sharti lilikusudiwa kwa hasara ya namna hii. Sharti la kupunguza dhima humlinda mchukuzi anayeutekeleza mkataba. Kuihamisha mali katika gari jingine, lisilotajwa popote, bila ya ruhusa ya mwenyewe, ni kuukiuka.

Tulipoandika barua yenye hoja hizi, kampuni ililipa shilingi 300,000 bila ya kwenda mahakamani. Kwa nini si 450,000? Kwa sababu stakabadhi ilisema ‘mifuko 2’ na haikusema kamba, wala kilo, wala thamani. Nasi tulikuwa na ujumbe wa simu wa mnunuzi na maneno ya kijana. Kushinda hoja ya sharti ni jambo moja na kuthibitisha kiasi ni jambo jingine, na kwa tajiriba yangu wengi hushindwa katika hili la pili.

Nawatahadharisha kuhusu saini. Siku hizi ofisi nyingine zina daftari ambalo mpelekaji hutia saini au dole gumba chini ya masharti. Aliyetia saini hufungwa, alisoma au hakusoma, isipokuwa alidanganywa maana yake. Hiyo ndiyo kanuni ya kesi ya L'Estrange ya mwaka 1934, na hoja zangu za wakati na taarifa hufa papo hapo.

Ama mapendekezo, kwa kuwa semina haiishi bila ya hayo. Kwanza, sharti lolote la ukomo liandikwe kwa Kiswahili, mbele ya stakabadhi, na libandikwe dirishani ambapo nauli hulipiwa, ili lijulikane kabla ya fedha kutoka mkononi. Pili, na hili nimelisema katika vikao visivyo na idadi, stakabadhi iwe na nafasi ya aina ya mali, uzito na thamani iliyotamkwa, na anayetamka thamani kubwa alipe nauli ya ziada. Si bidaa: Sheria ya Wachukuzi ya Uingereza ya mwaka 1830, iliyotungwa zama za magari ya farasi, ilimtaka mwenye dhahabu, hariri na mfano wake vyenye thamani inayozidi paundi 10 aitamke, naye mchukuzi akapata haki ya kutoza zaidi. Mchukuzi naye ana haki ya kujua amebeba nini. Si insafu kumdai laki nne kwa mfuko uliosemekana kuwa wa nazi.

Tatu, LATRA, ambayo kwa sheria ya mwaka 2019 ndiyo inayotoa leseni za usafirishaji, itazame kama mfano mmoja wa stakabadhi hauwezi kuwa sharti la leseni. Nasema itazame, kwa kuwa sina mamlaka ya kusema zaidi, ijapokuwa nimechoka kusema itazame. Nne, Tume ya Ushindani, ambayo sheria ya mwaka 2003 imeipa kazi juu ya mikataba ya walaji iliyokwisha kuandikwa na upande mmoja, iletewe stakabadhi hizi izisome. Tano, mzigo usihamishwe gari bila ya kumpigia mwenyewe simu. Sita, ambalo ni la pili nalirudia kwa makusudi: andikeni aina, uzito na thamani; na karani akikataa kuandika, piga picha mzigo ukiwa juu ya mizani, na umpelekee mpokeaji kabla gari halijaondoka. Saba, mzigo usipofika, barua ya madai iende ofisini siku ile ile, maana muda wa sheria kwa madai ya mkataba ni miaka sita, lakini kumbukumbu ya utingo haidumu wiki mbili.

Kielelezo cha stakabadhi niliyoipendekeza, ukurasa mmoja, Kiswahili kitupu, nimemwachia katibu nakala 40 mezani. Wenye magari wazichukue kabla ya basi la saa tisa.