Kiti cha Kaimu: Upendeleo Katika Kupandisha Vyeo na Njia za Aliyeachwa



Malalamiko mengi ya kujuana yanayofika kwa afisa wa rasilimali watu huanzia siku ya usaili. Mlalamishi atakwambia yeye alihojiwa mpaka jasho likamtoka, na mwenzake akaulizwa habari za nyumbani. Huenda ni kweli. Lakini mimi niliyefanya kazi hii ya kuajiri na kupandisha vyeo katika utumishi wa kaunti naamini kwamba ikifika siku ya usaili chakula kimeshaiva, kinangoja kupakuliwa tu. Kwa hiyo nitaanza na kipindi cha kabla yake, yaani ukaimu, kisha nizungumzie karatasi anazoweza kuzidai aliyeshindwa, na mwisho maisha ya ofisini baada ya hapo.

Nitatumia mfano nilioutunga mwenyewe. Kila kipande chake ni cha kawaida, na sitaki mtu atoke humu akidhani namsema jirani yake.

Katika idara moja ya kaunti, afisa mkuu wa ugavi amestaafu. Chini yake wapo wawili. Mmoja amekaa kwenye ugavi miaka 11 na ana vyeti vyote vya taaluma. Wa pili ana miaka 4, na ni mpwa wa mkuu wa idara. Mkuu anaandika barua kumteua mpwa akaimu “mpaka nafasi itakapojazwa”. Hakuna anayegutuka, maana ukaimu hauna mshahara mpya wa kudumu, na kazi lazima iendelee.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo, na mara nyingi halionekani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 haimwachii kila mkuu wa idara kugawa ukaimu apendavyo. Ukaimu hutolewa na mwenye mamlaka ya kisheria ya kuajiri, hupewa mtu mwenye sifa za kazi hiyo, na hauzidi miezi 6. Katika utumishi wa serikali kuu pia kikomo ni miezi 6, kwa Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017. Sababu ya kikomo hicho ni nyepesi kuielewa. Kila mwezi unaopita, kaimu anajifunza kazi kwa gharama ya umma, anatia sahihi hati, anazoeleka kwa waheshimiwa, na wasifu wake unanona.

Sasa tazama mpwa wetu anavyonenepeshwa. Katika miezi hiyo anapendekezwa kwenda kozi ya usimamizi ya wiki 4 katika chuo cha mafunzo ya serikali. Mwenzake aliiomba kozi hiyo hiyo mara mbili akajibiwa bajeti imeisha. Mwezi wa tisa (ndiyo, wa tisa, miezi 6 ilipita kimya kimya) tangazo linatoka, na ndani yake kuna masharti mawili mapya: cheti cha kozi ya usimamizi, na uzoefu wa kuongoza kitengo cha ugavi. Mmoja tu katika idara nzima anayo yote mawili. Tangazo limekatwa kwa kipimo cha mwili wake, kama fundi cherehani afanyavyo, ila limebandikwa ubaoni kwa wote.

Ukitaka kulijua tangazo la namna hii, liweke kando ya muundo wa utumishi wa kada hiyo, ile hati inayotaja sifa za kila ngazi, na kando ya tangazo la mwisho la nafasi kama hiyo. Sharti ambalo halimo katika muundo wala halikuwapo zamani lazima liwe na mwenye kulileta. Muulize kwa maandishi, kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Swali lililoulizwa kabla ya matokeo lina uzito ambao halitakuwa nao baadaye, kwa sababu bado hujashindwa, na hakuna atakayesema unasukumwa na uchungu.

Tuseme afisa wetu wa miaka 11 ameitwa kwenye usaili hata hivyo, kwa kuwa bodi ililegeza sharti la kozi. Wasaili ni 5, na kila mmoja anatoa alama kati ya 100. Yeye anapata 74, 71, 73, 70 na 42. Wastani wake ni 66. Mpwa anapata 68, 66, 67, 65 na 94, wastani 72. Mpwa ameshinda kwa alama 6, na barua ya uteuzi inatoka bila mtu kusema uongo wowote.

Ziangalieni tena. Wasaili wanne wa kwanza wote walimweka yule mkongwe mbele. Kwa alama zao peke yao ana 72 na mpwa ana 66.5. Msaili wa tano, kwa 42 yake na 94 yake, amewapindua wenzake wanne. Hakuhitaji kumshawishi yeyote, wala kuhonga. Alihitaji kalamu tu, na jedwali la wastani lisilouliza swali. Ndiyo maana bodi zilizo makini humtaka msaili aliyeachana sana na wenzake aeleze kwa maandishi, au huondoa alama ya juu kabisa na ya chini kabisa kwa kila mtu. Tukifanya hivyo hapa, mkongwe anabaki na 71.3 na mpwa 67. Sidai kwamba mbinu hiyo huponya kila kitu. Wasaili 3 wakikubaliana nje ya chumba, haisaidii chochote. Lakini upendeleo mwingi hufanywa na mtu mmoja mwenye haja, wenzake wakinyamaza kwa adabu.

Tatizo la mshindwa ni kwamba haya hayaoni. Anachoona ni undugu, kwa hiyo anaandika malalamiko juu ya undugu: fulani ni mtoto wa dada yake fulani. Barua hiyo huanguka. Katika kaunti ambako nusu ya watu ni mabinamu, kuwa ndugu wa mkubwa hakukuzuii kuajiriwa, na wala hakupaswi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi katika kuajiri na kupandisha vyeo kwa misingi inayoitaja, kama kabila, dini, jinsia na ulemavu, lakini udugu haumo katika orodha hiyo. Ukiwa na hoja ya kabila, una pa kushika: kaunti inatakiwa angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa wasio wa jamii kubwa ya pale. Kwa udugu, swali la maana ni jingine kabisa. Je, yule mjomba alitangaza maslahi yake, akatoka chumbani, na kutoka kwake kukaandikwa katika kumbukumbu za kikao? Aliyebaki kitini ana kesi ya kujibu hata kama mpwa ndiye bora kuliko wote.

Kwa hiyo, badala ya malalamiko, andika ombi la taarifa. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakupa haki hiyo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa afisa wa umma siku 21 za kujibu. Anaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu, akieleza sababu. Omba vitu vichache na uvitaje kwa majina yao: barua ya kumteua kaimu na tarehe zake, vigezo vya kuchuja waombaji, alama zako ulizopewa na kila msaili, alama za washindani bila majina yao, na sehemu ya kumbukumbu inayoonyesha nani alitangaza maslahi. Usiombe faili la mshindi. Utanyimwa kwa sababu ya faragha yake, na ombi lako lote litaonekana la umbeya. Ukinyimwa au ukipuuzwa, unaomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30. Uamuzi wa bodi ya kaunti kuhusu uteuzi wenyewe hukatiwa rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na baadaye iko Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Hapa niseme jambo ambalo mawakili husahau kulisema mapema. Ukishinda rufaa, kwa kawaida hupewi cheo. Uteuzi unafutwa na nafasi inatangazwa upya, nawe unaomba kama wengine, mbele ya bodi uliyoishtaki. Wako waliopitia yote hayo wakashindwa tena kihalali. Basi kabla ya kukata rufaa jiulize kama usaili mpya ulio safi ungekufaa. Kwa mkongwe wetu jibu ni ndiyo, kwa sababu wasaili wanne walishamtanguliza. Kwa mtu ambaye wasaili wote 5 walimweka nyuma, karatasi zitakuwa zimemwonyesha kitu kingine, kichungu zaidi, ila kitamwokolea ada ya wakili.

Wakati huo wote kazi inaendelea, na mpwa sasa ni bosi. Wiki ya kwanza atamwomba mkongwe amfundishe mpango wa manunuzi wa mwaka, kwa sababu haujui. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtu anakataa, au anajibu kwa kejeli katika kundi la WhatsApp la idara, na ghafla aliyeonewa ndiye mwenye kesi ya nidhamu. Kukaidi agizo halali ni miongoni mwa makosa makubwa yanayotajwa na Sheria ya Ajira, na bosi mwenye wasiwasi na kiti chake analingoja kosa hilo. Mfundishe, lakini kwa waraka wenye tarehe na jina lako, nakala ikienda kwa afisa wa rasilimali watu. Adabu yako iko palepale, na umeacha alama ya nani anaijua kazi.

Linda pia tathmini yako ya utendakazi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na malengo huwekwa wakati huo. Bosi mpya asiyekupenda hatakuandikia matusi. Atakuwekea malengo yasiyopimika, kama “kuboresha huduma za ugavi”, kisha Juni akupe alama ya wastani. Dai yaandikwe ya kuhesabika: zabuni ngapi zitafungwa ndani ya muda, hati za malipo zitakaa siku ngapi mezani. Tia sahihi, chukua nakala, iweke nyumbani. Bodi itakapokaa tena, tathmini za miaka ya karibuni ndizo itakazozisoma.

Na ile kozi ya wiki 4, iombe tena Julai hiyo hiyo wakati mpango wa mafunzo wa idara unapoandaliwa, kwa barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ukiambiwa bajeti imeisha, omba orodha ya waliopelekwa mwaka uliopita na vigezo vilivyotumika kuwachagua. Hiyo nayo ni taarifa ya umma, na siku 21 zinaanza kuhesabiwa.