Chupa ya Mapumziko

Msikilizaji, jioni ukipita kando ya uwanja wa mpira hapa Buwenge, utawaona vijana wakigugumia kinywaji cha kuongeza nguvu huku refa keshashika filimbi. Ikifika mapumziko, wanafungua chupa ya pili. Hiyo ya pili ndiyo nina ugomvi nayo.

Kinachoamsha mwili humo ni kafeini, ileile ya kahawa ya Mlima Elgon kule Mbale. Hufika kileleni katika damu dakika 30 hadi 60 baada ya kunywa. Aliyekunywa filimbi ikilia amecheza sehemu kubwa ya kipindi cha kwanza akiingojea. Na ile ya mapumziko inapanda mpira ukielekea kwisha, kwa hiyo anarudi nayo nyumbani.

Wataalamu wa michezo hutaja miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito, na wapo wanaofaidika hata kwa 2. Kijana wa kilo 60 aanze na 120, saa moja kabla ya mechi. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80, basi kopo moja na nusu linamtosha. Chupa nyingine soma lebo: ikiandika miligramu 30 kwa kila mililita 100, nusu lita ina 150. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya huwawekea watu wazima wenye afya kikomo cha 200 kwa mara moja na 400 kwa siku.

Sasa tumfuate wetu wa chupa mbili kama hiyo ya nusu lita, moja saa kumi jioni, nyingine mapumziko. Kwa kawaida kafeini hupungua nusu kila baada ya saa 5 hivi, ingawa miili hutofautiana. Saa nne usiku, akijinyoosha kitandani, bado ana zaidi ya miligramu 130, nyingi kuliko alizohitaji kuchezea! Na alfajiri miwa inamngoja. Mimi ningesema mazoezi ya jioni yafanywe kwa maji tu, kafeini iwekewe mechi yenye uzito, tena ya mchana.

Wanafunzi wasiguse kabisa. Madaktari wa watoto wa Marekani walishasema hivyo mwaka 2011. Mwenye presha, au ambaye nyumbani kwao kuna kijana aliyeanguka akafa ghafla, amwone daktari kwanza. Uganda ina vijana wengi ambao vali za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, na wengine hawajui. Mchezaji akihisi moyo unaruka mapigo, kifua kinabana au akizimia, atolewe uwanjani, asipewe kinywaji kingine cha kumwamsha, na apelekwe hospitali jioni hiyohiyo.