Wasia na Fomu ya Mteuliwa: Fedha za Marehemu Humwendea Nani?

(Hotuba kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama wanachama)



Mara nyingi baada ya matanga hufika katika afisi ya chama watu wawili, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Mjane amechukua wasia wa mumewe, uliotiwa sahihi na kushuhudiwa barabara. Ndugu wa marehemu hana karatasi yoyote ila kitambulisho, kwa kuwa karatasi yake imo ndani ya kabati la chama: ni fomu ya uteuzi ambayo marehemu aliijaza siku alipojiunga. Wasia unataja jina la mke, na fomu inataja jina la ndugu. Katibu afanyeje?

Watu wengi hudhani kwamba wasia, kwa kuwa ndio neno la mwisho la marehemu, hufuta kila kilichoandikwa kabla yake. Katika sheria ya Kenya sivyo ilivyo. Wasia hugawa mali iliyomo katika mirathi, yaani shamba, mifugo, nyumba, na fedha za benki zilizokuwa kwa jina la marehemu peke yake. Lakini fedha ambazo marehemu, angali hai, amekwisha kuzitajia mtu wa kuzipokea kwa utaratibu uliowekwa na sheria, haziingii katika mirathi hiyo. Humwendea mteuliwa moja kwa moja. Mahakama Kuu imeeleza jambo hili katika hukumu zake: kilichoteuliwa si sehemu ya mirathi, na wasia hauwezi kugawa kisichokuwamo.

Na tuchukue mfano wa mwanachama mmoja, karani katika kiwanda cha majani ya chai. Alijiunga na chama cha akiba na mikopo mwaka 1996, akiwa na mke na watoto wadogo. Katika fomu alimtaja mdogo wake, akiamini kwamba huyo ndiye atakayewalea watoto likitokea la kutokea. Baadaye alikata bima ya maisha ya shilingi 400,000, akamtaja mama yake. Kiwandani nako alikuwa katika mfuko wa pensheni, na huko pia aliandika jina la mdogo wake. Miaka ikapita. Mama akafariki mwaka 2009. Ndugu wawili wakakosana kwa sababu ya mpaka wa shamba, wakawa hawasemezani. Mwaka 2017 karani akaandika wasia: shamba la ekari mbili, akiba ya chama, bima na pensheni, vyote viwe vya mke na watoto. Hakugusa fomu hata moja. Akafariki mwaka 2021.

Shamba lilifuata wasia, wala hapakuwa na ubishi.

Akiba yake katika chama ilikuwa shilingi 310,000. Fomu ya mwaka 1996 ilikuwa kamili, ina sahihi yake na ya mashahidi wawili. Sheria ya Vyama vya Ushirika inasema kwamba mwanachama akifa, hisa na haki zake humwendea aliyeteuliwa. Na ikiwa hakuna mteuliwa, basi humwendea msimamizi wa mirathi. Sheria hiyo hiyo inakilinda chama kilicholipa kwa kuufuata utaratibu huo, ili mtu mwingine asije akakidai tena. Ndugu aliyekuwa hasemi na marehemu akalipwa 310,000. Mjane alilia mbele ya kamati, na wajumbe walimhurumia, lakini hawakuwa na ruhusa ya kubadili sahihi ya marehemu. Lau kamati ingemlipa mjane kwa huruma, mteuliwa angekwenda kudai haki yake, na fedha hizo zingelipwa mara ya pili kutoka katika akiba za wanachama wengine.

Bima ilikwenda njia nyingine. Mama aliyetajwa alikuwa amekufa kabla ya mwenye bima, wala hakutajwa mwingine badala yake. Kwa hiyo zile 400,000 zilirudi katika mirathi, na hapo wasia ukawa na nguvu juu yake. Lakini kampuni haikumlipa mjane kwa kuonyeshwa wasia tu. Ilimtaka alete hati ya mahakama inayouthibitisha wasia huo, na kuipata kulichukua zaidi ya mwaka, huku karo za shule zikisubiri.

Pensheni ina sheria yake. Sheria ya Mafao ya Kustaafu inasema kwamba mafao ya mwanachama aliyekufa si sehemu ya mirathi, na wadhamini wa mfuko watayalipa kwa kufuata kanuni za mfuko. Ni lazima basi kanuni zenyewe zisomwe, maana mifuko haifanani. Kanuni za kiwanda hicho ziliwapa wadhamini uwezo wa kuipima fomu pamoja na hali ya wale waliomtegemea marehemu. Waliuliza, wakaona kwamba mdogo wake ana kazi yake na hakuwa akitunzwa na marehemu, wakampa mke na watoto zile 620,000 zote. Katika mfuko wenye kanuni zinazoifunga mikono ya wadhamini kwa fomu, mambo yangekuwa vingine.

Yaonekana basi kwamba mtu mmoja, kwa wasia mmoja, fedha zake zilipita njia tatu. Wasia haukuwa na kosa lolote. Kilichokosekana ni safari tatu fupi: moja kwa katibu wa chama, moja kwa wakala wa bima, na moja kwa afisi ya pensheni kiwandani.

Huulizwa pia kama mjane hana pa kwenda. Sheria ya Urithi humruhusu mke au mtoto aliyeachwa bila riziki ya kutosha kuiomba mahakama imwongezee fungu, lakini ombi hilo huelekezwa kwenye mirathi, na fedha zilizoteuliwa hazimo humo. Kinachobaki ni kuushambulia uteuzi wenyewe: kwamba sahihi imeghushiwa, kwamba mashahidi hawakuwapo, au kwamba kuna fomu nyingine ya baadaye. Kwa sababu hiyo katibu asiitupe fomu ya zamani mpya inapoletwa. Aipige mstari, aandike tarehe, na kuiweka pamoja na mpya.

Siku ya malipo, katibu aanze na cheti cha kifo, kisha aifungue fomu mbele ya kamati, atazame tarehe, sahihi na mashahidi, na kulinganisha jina na kitambulisho. Barua ya chifu husaidia kuwatambua jamaa za marehemu, lakini haitoi amri ya kulipa. Ikiwa hakuna fomu, au mteuliwa amekufa, fedha zingoje hati ya mahakama. Ikiwa mteuliwa ni mtoto aliye chini ya miaka 18, fedha zisitiwe mkononi mwa mjomba yeyote anayejitokeza, bali zilipwe kwa yule anayetambuliwa na sheria kusimama mahali pa mtoto.

Yafaa pia, katika juma la mkutano mkuu wa mwaka, katibu awaite wanachama mmoja mmoja, faraghani, amwonyeshe kila mmoja jina aliloliandika. Ni swali moja tu la kuulizwa: “Huyu ndiye bado?” Wapo watakaocheka, na wapo watakaonyamaza kwa muda, kisha waombe kalamu.