Maneno ya kuaga: mwanafunzi wa mazoezi, Masaka

(Kijana wetu wa ushirika, mzaliwa wa Ngara, Tanzania, alifanya mazoezi ya kazi kwa miezi mitatu katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Masaka, Kigali. Haya ndiyo aliyosema kwenye kikao cha mwisho na wenzake wa ofisini. Tumeyaacha karibu yote kama alivyoyasema.)

Mkurugenzi wetu, Mama wa hesabu, kaka zangu na dada zangu wa ofisi, na Mzee dereva uliyekubali kuacha gari nje uje kukaa nasi: Bwana asifiwe. Najua si wote humu tunasali pamoja, lakini mlinizoea na salamu hiyo tangu siku ya kwanza, basi mniruhusu niiage nayo.

Nimeambiwa nisizidi dakika kumi, kwa sababu kuna malori mawili getini. Nitajitahidi.

Nianze na dada wa nyaraka. Siku yangu ya pili aliniandikia namba ya kontena kwenye kikaratasi: CSQU3054383. Akaniambia, "Mdogo wangu, hii ni namba ya mfano ya kufundishia, usitafute kontena lake." Akanionyesha kwamba herufi tatu za kwanza ni za mwenye kontena, U inasema kwamba hiki ni kontena la mizigo, tarakimu sita ni namba yenyewe, na ile 3 ya mwisho haikuwekwa kwa kubahatisha. Inatokana na zile nyingine kumi. Kila herufi ina thamani yake, kila nafasi ina kizidisho chake: 1, 2, 4, 8, kinaongezeka maradufu mpaka 512. Unazidisha, unajumlisha, unagawa kwa 11, na kinachobaki ndiyo tarakimu ya mwisho. Kwa namba ile jumla ni 6185, ukigawa kwa 11 inabaki 3. Sawasawa.

Halafu akanipa namba ileile, ila amegeuza 5 na 4: CSQU3045383. Nikapiga hesabu kwa simu, jumla ikaja 6249, ikabaki 1. Mwisho umeandikwa 3. Kwa hiyo mtu amekosea kuandika, na umemkamata kabla lori halijaondoka Dar es Salaam. Jamani, nilifurahi kama mtoto. Wiki nzima nilikuwa napiga hesabu ya kila kontena lililopita barabarani, mpaka kaka wa geti akaniuliza kama nimetumwa na mtu.

Lakini furaha hiyo ndiyo iliyoniangusha, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo.

Mnalikumbuka lile lori la Ijumaa. Dereva alinitumia picha ya mlango wa kontena akiwa bado upande wa Tanzania, kabla ya kuvuka daraja la Rusumo. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha vitu viwili na faili: namba ya kontena, na namba ya sili. Namba ya kontena nikaipigia hesabu, ikatoka vizuri. Nikamjibu, "Iko sawa, Mzee, njoo." Sili sikuiangalia. Niliona ipo, imefungwa, haijakatwa, nikatosheka.

Sili haina tarakimu ya kujipima. Huwezi kuipigia hesabu ikakuambia kama ni ya kweli. Njia ni moja tu, kuisoma herufi kwa herufi dhidi ya karatasi. Na ile ya kwenye picha haikuwa ile ya kwenye hati ya shehena. Hapakuwa na wizi wowote. Kontena lilifunguliwa bandarini kukaguliwa, sili ya kampuni ya meli ikakatwa, ikafungwa nyingine. Hilo ni jambo la kawaida. Ila namba mpya ilitakiwa iingie kwenye hati za safari, na ripoti ya ukaguzi iambatane nazo. Faili letu lilikuwa bado na namba ya zamani. Ningeiona wakati lori liko Tanzania, lingekuwa suala la simu moja kwa wenzetu wa Dar, Ijumaa mchana, watu wakiwa ofisini.

Likaonekana hapa, jioni. Ofisa wa forodha alisoma mlango, akasoma karatasi, akasema lori lisimame. Alikuwa na haki. Sili isiyolingana maana yake kwake ni kwamba mtu amefungua mzigo njiani, mpaka athibitishiwe vinginevyo. Dar kule walikuwa wameshafunga. Wametutangulia saa moja, na mimi mtu wa Ngara niliyekua nikivuka ile saa kila mara nilikuwa nimesahau kuihesabu. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, mji umesimama mpaka saa tano. Ripoti ikapatikana Jumatatu.

Siku hizo zote Mzee alilala kwenye kabini. Na aliyelipia mzigo alihesabiwa siku za kontena la kampuni ya meli, ambalo lazima lirudi tupu kwa muda uliopangwa, la sivyo kila siku ina bei yake.

Nilitegemea kufukuzwa. Mkurugenzi hakupaza sauti. Jumamosi mchana alinipigia, akaja na gari lake, tukanunua chakula, akanishusha pale kwenye maegesho. Akasema, "Kaa naye. Mweleze wewe mwenyewe kilichotokea." Halafu akaondoka! Nilikaa kwenye kiti cha pembeni, sijui nianzie wapi. Mzee akala kwanza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, uliiangalia ile picha?" Nikasema, "Namba ya kontena niliiangalia." Akasema, "Mimi nilipanda nyuma ya tela kwenye mvua kuipiga hiyo picha, ili usome zote mbili."

Jumapili nilisimama kwenye kwaya kama kawaida, nguo nyeupe, mikono juu. Sikuweza kuimba ubeti wa pili. Nilikuwa nawaza kwamba kuna baba wa watu amekosa ibada, amekosa nyumba yake, kwa sababu mimi nilimwandikia "iko sawa" juu ya kitu ambacho sikukisoma.

Mzee, nilikuomba msamaha siku ile kwenye gari. Naomba tena leo mbele ya hawa, kwa sababu wengine walidhani kosa lilikuwa lako, na mimi sikuwasahihisha haraka.

Tangu hapo sijaandika "iko sawa" kwa dereva. Naandika namba yenyewe ya sili kama ninavyoisoma kwenye picha, na chini yake ile ya kwenye hati, na saa ya Kigali. Dada wa nyaraka alinicheka mwanzoni, kwamba najaza simu za watu. Wiki iliyopita nimemwona naye anafanya hivyohivyo, wala sikusema kitu.

Mama wa hesabu, asante kwa chai na kwa kunisahihisha Kinyarwanda changu chenye Kihangaza ndani yake. Kaka wa geti, kofia nakuachia.

Faili la kontena linalotakiwa kurudishwa Dar liko droo ya pili, upande wa kulia. Zimebaki siku nne. Picha ya sili nimeichapisha, iko juu kabisa, lakini naomba mtu aisome upya, asiniamini mimi.